Saba inaomba ngapi ili ifike kumi?

Muulize mtoto wa mwaka wa kwanza: saba, ongeza ngapi ili ifike kumi? Wengi wanahesabu kwa vidole, "saba, nane, tisa, kumi", kisha wanajibu nne. Wamehesabu saba tena, na ile walikuwa nayo tayari. Kosa hili linaonekana sana nyumbani pale Songo, na mzazi anafikiri mtoto hajui hesabu. Hesabu anaijua, ila hajaona bado kwamba kumi inagawanyika.

Vidole ndiyo mwanzo. Mtoto anyooshe mikono yote miwili, kumi kamili. Akunje vidole vitatu vya mkono mmoja. Vilivyosimama ni saba, vilivyokunjwa ni tatu, na hakuna kilichopotea. Asihesabu tena toka moja: mkono mzima ni tano, na viwili ni saba.

Halafu chora kwenye kaye, ao chini kwenye mchanga, visanduku kumi: mistari miwili, kila mstari visanduku vitano. Weka vifuniko saba vya chupa, kuanzia kushoto juu. Mstari wa juu umejaa, wa chini una viwili. Sasa matundu matatu yanaonekana yenyewe. Hapa ndipo yule wa "nne" anajisahihisha, maana hakuna tundu la nne. Ukitawanya vifuniko ovyo, faida hiyo inapotea.

Shanga zinafuata. Chukua uzi wa nyavu, tia shanga tano nyekundu na tano nyeupe, funga ncha zote mbili, lakini acha nafasi ya vidole vinne ili shanga zisogee. Kama shanga hazipo, tumia karatasi iliyoviringwa na kupakwa rangi. Sogeza saba kushoto, funika zilizobaki kwa mkono, uliza: ngapi zimefichwa? Kisha funua. Kufunika ndiyo kazi yenyewe. Mtoto akiona zote, atahesabu tu.

Jozi ni sita peke yake: 10 na 0, 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Ukijua 7 na 3, unajua pia 3 na 7. Zile za 7 na 3, 6 na 4 zinachelewa kuingia, basi zirudieni zaidi. Mtoto akijibu bila kuangalia vidole, shanga ziwekwe pembeni.

Zoezi la dakika tano:

6 + __ = 10
__ + 9 = 10
10 = 2 + __
10 − 7 = __
Mama anapanga mikeke kumi kumi. Fungu moja lina 8. Bado ngapi?
8 + 5 = 8 + __ + __ = __

Ile ya mwisho inaonyesha jozi zinafanya nini: 8 inachukua 2 kwenye 5 ili ijaze kumi, 3 inabaki, jumla 13.

Majibu, toka juu: 4, 1, 8, 3, 2, kisha 2, 3 na 13.