Mrija wa Pitot na Kasi ya Sauti: Historia ya Kanuni Iliyohitaji Kurekebishwa

Mwaka 1732 Henri Pitot alitumbukiza mrija wa kioo uliopindwa katika mto Seine, mjini Paris, mdomo wake ukielekea mkondo. Maji yaliyofika mdomoni yalisimama, na nguvu ya mwendo wao ikawapandisha juu ya usawa wa mto. Kimo hicho kilitosha kueleza kasi ya mkondo. Karibu karne mbili baadaye mrija huohuo uliwekwa kwenye ndege, pamoja na matundu ya pembeni yanayopokea shinikizo tuli, yaani shinikizo la hewa isiyosumbuliwa. Tofauti kati ya shinikizo la kusimama (p0) na shinikizo tuli (p) iliingizwa katika kanuni iliyorithiwa kutoka kwenye elimu ya maji, ambamo ρ ni densiti:

V = √(2(p0 − p)/ρ)

Kanuni hiyo inadhani kwamba densiti haibadiliki. Kwa maji dhana hiyo haina hasara, kwa kuwa maji hayabanwi kwa urahisi. Hewa ni kitu kingine. Inaposimamishwa mdomoni mwa mrija hubanwa na kupata joto, na shinikizo linalojengeka huwa kubwa kuliko kanuni inavyotarajia. Kwa ndege iendayo mita 100 kwa sekunde karibu na usawa wa bahari, kosa la kasi ni kama asilimia 1 tu, na ndiyo maana marubani wa mwanzo hawakuwa na sababu ya kulalamika. Lakini kosa hili hukua kwa mraba wa uwiano wa kasi ya ndege na kasi ya sauti, uwiano unaoitwa namba ya Mach (M).

Kwa hewa inayobanwa pasipo kupoteza nishati, kanuni sahihi chini ya kasi ya sauti ni hii:

p0/p = (1 + 0.2M²)^3.5

Chukuliwe ndege iliyo kwenye kimo cha mita 13,000, ambako sauti husafiri takriban mita 295 kwa sekunde, ikiruka kwa M = 0.95, yaani mita 280 kwa sekunde. Kanuni inatoa p0/p = 1.787, tofauti ya mashinikizo basi ni 0.787 ya shinikizo tuli. Tofauti hiyohiyo ikiingizwa katika kanuni ya maji, jibu ni M = 1.06, yaani mita 313 kwa sekunde. Hesabu ya zamani ingemtangaza rubani kuwa ameipita sauti ilhali bado yuko nyuma yake. Kwa hiyo madai ya miaka ya vita kwamba ndege za propela ziliivuka sauti zikipiga mbizi hayana budi kusomwa kwa tahadhari. Yafaa kuongeza kwamba kanuni ya Mach haihitaji halijoto. Halijoto huhitajika pale tu mtu anapotaka kasi yenyewe.

Hata hivyo, kanuni sahihi haikumaliza tatizo. Tarehe 14 Oktoba 1947, Chuck Yeager aliporuka na Bell X-1 huko California, ripoti yake ilieleza kuwa sindano ya kipimo cha Mach ilisimama kidogo ilipofika 1.02, kisha ikaruka hadi 1.06. Kasi iliyofikiwa hatimaye ilihesabiwa kuwa 1.06. Mruko wa namna hiyo unaelezeka. Karibu na kasi ya sauti, mwili wa ndege husukuma hewa iliyo mbele yake, na matundu ya pembeni hupokea shinikizo kubwa kuliko la hewa ya mbali. Hapo p huonekana kubwa na M huonekana ndogo. Ndege ikishavuka kidogo, wimbi la mshtuko lililokuwa mbele husogea nyuma na kuyapita matundu. Ghafla p inakuwa ya kweli, na sindano inaruka. Kosa hapa halimo katika hesabu, limo mahali matundu yalipotobolewa, na dawa yake ni kupima kila aina ya ndege kwa kuilinganisha na rada au ndege nyingine iliyokwisha kupimwa.

Juu ya kasi ya sauti, wimbi la mshtuko husimama mbele ya mdomo wa mrija wenyewe na kula sehemu ya shinikizo. Lord Rayleigh alikwisha kutoa kanuni ya hali hiyo mwaka 1910, kabla hapajakuwa na ndege ya kuihitaji. Katika M = 1.06 hasara ni ndogo mno, chini ya sehemu moja katika elfu, hivi kwamba kanuni ya chini ya sauti ingetosha bado. Katika M = 2 hasara hufikia asilimia 28, na anayeendelea na kanuni ya chini ya sauti atasoma 1.79.