Unga, Deni na Kura: Somo la Zambia, 1986 hadi 1991

Tangu Juni 2024, Bunge la Kenya lilipovamiwa kwa sababu ya mswada wa fedha, wanafunzi wangu wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: nani hasa hutawala nchi yenye deni kubwa, serikali iliyochaguliwa au yule anayeikopesha? Mimi huwarudisha nyuma, kwa jirani yetu Zambia, katika majuma mawili ya Desemba 1986. Sijui mahali pengine katika Afrika ambapo mnyororo mzima, kuanzia deni hadi sanduku la kura, unaonekana wazi kiasi hicho.

Tuanze na deni lenyewe. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964 ikiwa na utajiri wa shaba ambao nchi nyingi za bara hili ziliutamani. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni zilitokana na madini hayo. Bei ya shaba ilipoporomoka mwaka 1975, huku mafuta yakiwa yamepanda, serikali ya Rais Kenneth Kaunda iliamini kwamba shida ile ni ya kupita, ikakopa ili kuziba pengo. Haikupita. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi yenye watu wasiofika milioni 8 ilikuwa ikidaiwa zaidi ya dola bilioni 5, na sehemu ya wadai wake lilikuwa Shirika la Fedha la Kimataifa lenyewe, ambalo kwa desturi haliahirishi malipo yake.

Msomaji ashike jambo hili. Sharti la mkopeshaji lina nguvu kwa sababu wakopeshaji wengine wote, yaani Benki ya Dunia, serikali rafiki na mabenki ya biashara, hutazama kwanza kama Shirika limetia muhuri. Serikali inayokataa sharti haipotezi mkopo mmoja tu; hufungiwa milango yote kwa pamoja.

Zambia ikakubali. Mnamo Oktoba 1985 ilianza kuuza fedha za kigeni kwa mnada wa kila wiki, badala ya kuzigawa kwa vibali. Katika mnada wa kwanza dola iliruka kutoka kwacha 2 na ushee hadi kama kwacha 5. Haikuishia hapo, na kila kwacha iliposhuka, mbolea, mafuta na vipuri viliongezeka bei. Kisha likaja sharti lililogusa sufuria: ruzuku ya unga wa mahindi ipunguzwe.

Sipendi kuisimulia ruzuku ile kana kwamba ilikuwa haina kasoro. Serikali ilinunua mahindi kwa mkulima kwa bei moja, ikayauza kwa wenye vinu kwa bei ya chini, na tofauti ikalipwa na hazina. Gharama hiyo ilimeza zaidi ya sehemu ya kumi ya bajeti ya nchi. Aidha unga wa bei nafuu ulivuka mpaka kwa magendo hadi Zaire, katika jimbo la Shaba ambalo baadaye lilirudishiwa jina la Katanga, kwa hiyo mlipa kodi wa Zambia alimlisha pia mlaji wa Lubumbashi. Wachumi walioshauri ipunguzwe hawakuwa wajinga.

Kosa lilikuwa katika utekelezaji, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Zambia ilikuwa na aina mbili za unga. Moja ni unga mweupe uliokobolewa vizuri, ambao sisi tungeuita sembe. Nyingine ni unga mkavu zaidi kwa mguso, wenye pumba, ulio karibu na dona, nao ulikuwa chakula cha maskini. Mpango wa Desemba 1986 ulionekana wa haki: sembe iondolewe ruzuku, na bei yake ikapanda kwa asilimia 120, dona ibaki kwa bei ileile, ikilindwa na hazina. Mwenye uwezo alipe, asiye nacho akingwe. Karatasini ni vigumu kuupinga.

Lakini ruzuku ya dona sasa ilipaswa kupita kwa wenye vinu. Wao wangenunua mahindi kwa bei kubwa, wasage, wauze unga kwa bei ya chini iliyowekwa na serikali, kisha waipelekee hazina madai yao na kungoja kurudishiwa. Tujiulize swali ambalo mwenye kinu yeyote angejiuliza: hazina hii ambayo haina fedha, ambayo inakopa ili kulipa mikopo, itanilipa lini? Wenye vinu hawakuhitaji kugoma. Waliacha tu kusaga dona, wakasaga sembe, ambayo mnunuzi aliilipia papo hapo dukani.

Basi dona ikatoweka. Mama wa Kitwe aliyeambiwa redioni kwamba unga wake haujapanda bei alifika dukani akakuta rafu tupu, na pembeni yake magunia ya unga uliopanda zaidi ya maradufu. Kwake yeye serikali ilikuwa imesema uongo. Hakuwa na njia ya kujua habari za madai ya wenye vinu, wala haikuwa kazi yake kuzijua.

Ghasia zilianza katika miji ya Ukanda wa Shaba mnamo tarehe 9 Desemba. Maduka na maghala yalivunjwa, askari wakaingia mitaani, amri ya kutotoka nje ikatolewa na mipaka ikafungwa. Watu wapatao 15 waliuawa. Tarehe 11 Desemba Kaunda alitangaza kwamba bei inarudi ilipokuwa, na vinu vya watu binafsi vinachukuliwa na serikali.

Miezi michache baadaye, tarehe 1 Mei 1987, aliachana na mpango wa Shirika kabisa. Mnada ulifutwa, dola ikawekwa kwacha 8, na malipo ya deni yakawekewa kikomo cha asilimia 10 ya mapato ya mauzo ya nje, baada ya kutenga fedha za mahitaji muhimu kama mafuta, mbolea na migodi. Wengi wa kizazi changu cha wanaharakati huukumbuka uamuzi huu kama ushujaa. Nami naona ulikuwa na mantiki, maana nchi haiwezi kulipa kwa kujinyima mbolea. Lakini mwezi Septemba Shirika liliifungia Zambia isipate mkopo mpya, na wafadhili wengi wakafuata. Mavuno mazuri ya mwaka 1988 yaliipumzisha nchi, ila hayakuleta vipuri vya migodi. Ilipofika mwaka 1989 serikali ilikuwa imerudi mezani, na malimbikizo ya deni yakiwa makubwa kuliko ilivyoondoka.

Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa tena zaidi ya maradufu. Safari hii moto uliwaka Lusaka, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Zambia, na zaidi ya watu 20 wakafa. Tarehe 30 Juni luteni mmoja wa jeshi, Mwamba Luchembe, aliteka kituo cha redio kwa saa chache na kutangaza kwamba Kaunda ameondolewa. Hakuwa na jeshi nyuma yake. Hata hivyo watu walimiminika mitaani kushangilia. Nadhani shangwe ile ilimjulisha Kaunda jambo ambalo chama chake kimoja hakingeweza kumjulisha.

Tazama pia kilichobadilika kati ya ghasia hizi mbili. Mwaka 1986 waandamanaji walidai unga. Mwaka 1990 walidai unga na vyama vingi. Mwezi Julai mwaka huohuo wanasiasa, wanasheria, wafanyabiashara na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikutana Lusaka na kuasisi Vuguvugu la Demokrasia ya Vyama Vingi. Serikali ilikuwa imewafundisha raia kwa vitendo kwamba neno lake hubadilika mtaa ukiwaka, na kwamba mahali pengine pa kulibadilisha hapapo. Walichokitafuta sasa ni mahali hapo pengine.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 31 Oktoba 1991. Frederick Chiluba, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyewahi kuwekwa kizuizini na Kaunda, alipata takriban robo tatu ya kura. Kaunda alikubali kushindwa na kuondoka kwa heshima, jambo ambalo historia inampa sifa yake. Lakini chini ya nusu ya waliojiandikisha ndio waliopiga kura.

Na unga? Mwezi Desemba 1991, majuma machache baada ya kuapishwa, serikali ya Chiluba iliondoa ruzuku ileile iliyoua watu mwaka 1986. Mitaa haikuwaka. Wapo wanaosema watu walikuwa wamechoka. Mimi naongeza sababu nyingine: chama chake hakikuwa kimeficha kwamba kinakwenda kwenye soko huria. Raia aliyesikia jambo kabla ya kupiga kura huvumilia kwa muda ambao raia aliyeshtukizwa dukani havumilii. Ni muda tu, haikuwa hundi ya kudumu.

Hata hivyo swali la wanafunzi wangu linabaki. Wazambia walibadilisha rais, chama na katiba. Sharti halikubadilika hata nukta. Nchi ikasamehewa sehemu kubwa ya deni miaka ya 2005 na 2006, ikakopa upya katika masoko ya hati fungani kuanzia mwaka 2012, ikashindwa kulipa Novemba 2020, na Desemba 2021, miezi minne baada ya kumchagua rais mwingine, ikaondoa ruzuku ya mafuta wakati wa mazungumzo na Shirika lilelile.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mkopeshaji huamua ukubwa wa pengo linalopaswa kuzibwa na tarehe ya kuliziba. Serikali bado huamua nani atalipa, kwa utaratibu gani, na kama raia ataambiwa mapema. Mwaka 1986 serikali ya Zambia ilishindwa katika hilo la pili, ikamtupia lawama yote mwenye la kwanza. Kenya nayo ilirudisha Desemba 2024 baadhi ya kodi zilizokuwa zimeondolewa mezani mwezi Juni, na raia wakatambua sura zake.

Wewe mtumishi wa umma utakayeletewa mpango wa kumlinda maskini huku bei zikipandishwa, usisome jedwali la bei peke yake. Uliza fedha za fidia ziko katika akaunti gani leo, zitamfikia nani kwanza, na huyo atapata faida gani akiamua kutouza. Ikiwa jibu ni kwamba atalipwa baadaye na hazina isiyo na kitu, basi dona imeshatoweka dukani hata kabla ya waziri kusimama kusoma hotuba.