Kasuku anapobisha hodi, je, anajua anachosema?

HUENDA mgeni anayepita Ukunda au Msambweni akashtuka kusikia sauti ikibisha "hodi" kutoka ndani ya nyumba badala ya nje. Akiitikia, hakuna mtu anayetokea. Akichungulia kibarazani, atakuta kizimba, na ndani yake ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu akimkodolea macho.

Kasuku amepata sifa isiyo njema katika lugha yetu. Mwanafunzi anayekariri bila kuelewa huambiwa kwamba amesoma kama kasuku. Jina lake limechapishwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia na kwenye madaftari ya shule, lakini linapotajwa darasani aghalabu huwa ni kwa kukemea. Swali ni iwapo shutuma hiyo ni ya haki. Jibu la wanasayansi ni kwamba ni ya haki kwa sehemu tu.

Kwanza tufahamu tunamzungumzia ndege gani. Kasuku wa kijivu, ambaye ndiye msemaji hodari kuliko wote barani Afrika, si mwenyeji wa Pwani. Asili yake ni misitu mikubwa ya Afrika Magharibi na Kongo hadi Uganda, na kwa upande wa Kenya amebaki kwa idadi ndogo mno katika msitu wa Kakamega. Mwenyeji wa Diani na Milima ya Shimba ni kasuku mdogo mwenye kichwa cha kahawia, mwili wa kijani na rangi ya manjano chini ya mbawa. Huyu hutaga mayai katika mapango ya miti na hupiga mayowe makali anaporuka, lakini akifugwa si bingwa wa maneno. Basi ndege anayebisha hodi kibarazani yamkini aliletwa kutoka mbali, au alizaliwa na wazazi waliofugwa.

Binadamu hutoa sauti kwa nyuzi zilizo juu ya koo la hewa, kisha huifinyanga sauti hiyo kwa ulimi, meno na midomo. Kasuku hana meno wala midomo laini. Kiungo chake cha sauti, ambacho wataalamu hukiita sirinksi, kiko chini kabisa kifuani, pale koo la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Hewa ikipita hapo hutikisa tando nyembamba, na sauti huzaliwa.

Ndege wengi wana kiungo hicho, lakini kasuku humzidi kunguru na shore kwa ulimi wake mnene unaopindika kila upande. Mwaka wa 2004, watafiti waliochunguza kasuku wadogo wa Amerika Kusini walionyesha kwamba kuusogeza ulimi kwa kiasi kidogo tu kunabadilisha sana sauti inayotoka. Hivyo ndivyo sisi tunavyotofautisha "a" na "i". Herufi kama "b", "p" na "m", ambazo sisi huzitamka kwa kufunga midomo, kasuku hawezi kuzitoa kwa njia hiyo. Hutoa kitu kinachokaribiana nazo kwa kutumia koo na ulimi, na sikio letu, ambalo limekwisha kuzoea neno, hujaza pengo.

Koo pekee halitoshi. Wanyama walio wengi huzaliwa na sauti zao na hawajifunzi nyingine. Mbuzi aliyelelewa na mbwa hatabweka. Kasuku ana sehemu maalumu za ubongo za kujifunzia sauti. Mwaka wa 2015 wanasayansi waliripoti kwamba sehemu hizo kwa kasuku zina tabaka mbili, kiini na ganda linalokizunguka, na ganda hilo halikuonekana kwa ndege wengine wanaojifunza sauti.

Hakupewa uwezo huo ili awafurahishe watu. Kasuku huishi kwa makundi, na kila kundi lina milio yake ya kuitana. Huko Venezuela, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba wazazi wa aina moja ya kasuku wadogo huwapa makinda wao milio ya kuwatambulisha, mfano wa majina. Ndege anayeweza kuiga mlio wa wenzake hukubalika kundini. Ukimtoa huko na kumweka peke yake katika nyumba ya watu, kundi lake huwa ni sisi, na milio ya kuitana huwa ni "hodi", "karibu" na jina la mtoto anayeitwa kila asubuhi aende shule.

Ndiyo maana pia huyashika haraka maneno yanayotamkwa kwa hamaki au kwa kicheko. Mwaka wa 2020, kituo kimoja cha wanyama huko Uingereza kililazimika kuwatenganisha kasuku watano wa kijivu waliokuwa wakitukana wageni. Kila mgeni alipocheka, ndege nao walizidi. Hawakuwa na chuki na mtu. Walikuwa wamegundua sauti inayovuta watu karibu.

Sasa tuirudie ile hodi. Tuseme kasuku wetu wa Msambweni hubisha hodi kila mlango unapogongwa. Mwenye nyumba ataapa kwamba ndege wake anaelewa. Amgongee meza iliyo karibu na kizimba. Ndege akibisha hodi kwa sababu ya meza, basi ameunganisha neno na mlio wa kugonga, si na kuwasili kwa mgeni. Kisha mgeni aingie kimya bila kugonga. Ndege akinyamaza, ushahidi umeongezeka. Isitoshe, hodi ni neno la anayekuja. Aliye ndani husema karibu. Kasuku anayebisha hodi akiwa ndani ameushika wakati wa neno, lakini hajashika nafasi yake katika mazungumzo.

Je, hiyo ina maana kwamba kasuku hawezi kabisa kuelewa? Hapa ndipo anapoingia Alex, kasuku wa kijivu aliyenunuliwa katika duka la wanyama mjini Chicago mwaka wa 1977 na mtafiti Irene Pepperberg.

Mtafiti huyo hakumfundisha kwa kumkaririsha. Alitumia mbinu iliyobuniwa na Mjerumani Dietmar Todt, ambapo watu wawili huketi mbele ya ndege. Mmoja humwonyesha mwenzake kitu, tuseme ufunguo, na kumuuliza ni nini. Mwenzake akijibu sawasawa hupewa ufunguo wenyewe; akikosea, hunyimwa. Kisha hubadilishana zamu, na ndege huona kwamba neno linaleta kitu. Tuzo haikuwa njugu, kwa sababu ndege anayepewa njugu kwa kila jibu angeweza kudhani kwamba kila neno maana yake ni njugu. Kasuku wengine walipofundishwa kwa kanda za kaseti na video pekee, hawakujifunza kutumia maneno kutaja vitu.

Kwa miaka 30 Alex alijifunza majina ya vitu wapatao 50, rangi saba, maumbo matano, na hesabu hadi sita. Aliwekewa sinia yenye vitu vya rangi na umbo mbalimbali na kuulizwa, kwa mfano, ni vingapi vya rangi fulani. Alijibu sawa takriban mara nane kati ya kumi. Akiomba ndizi na kupewa njugu, aliikataa na kuomba ndizi tena, na pengine aliitupa.

Siku moja aliwekewa sinia ya vibao vya rangi tatu: vibao viwili vya rangi moja, vitatu vya nyingine na sita vya ya tatu. Aliulizwa ni rangi gani yenye vitatu. Badala ya kutaja rangi, alijibu "tano", na akashikilia hivyo hivyo. Mkufunzi, kwa kuchoshwa, akamuuliza: haya, ni rangi gani yenye vitano? Alex akajibu: hakuna. Neno hilo alikuwa amefundishwa kulitumia pale vitu viwili visipokuwa na tofauti. Hakuna aliyemfundisha kulitumia kwa kundi lisilokuwapo. Majaribio zaidi yaliyochapishwa mwaka wa 2005 yalionyesha kwamba haikuwa bahati nasibu tu.

Wapo waliokuwa na shaka, na shaka yao ina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, farasi aitwaye Hans alishangaza Ujerumani kwa "kuhesabu" kwa kwato, hadi mwaka wa 1907 ilipothibitishwa kwamba alisoma miondoko midogo ya mwili wa aliyemuuliza. Kwa sababu hiyo Pepperberg, katika majaribio, aliketi bila kuitazama sinia na kurudia tu alichosikia, huku mtu mwingine akiuliza. Yeye mwenyewe alijihadhari asiuite uwezo wa Alex lugha. Alex hakusimulia habari za jana wala kutunga sentensi ndefu kama mtoto wa miaka minne.

Aidha, si kila alichosema Alex kilikuwa na uzito uleule. Alipokufa Septemba 2007, magazeti ya dunia yalieneza kwamba alimuaga mtafiti wake kwa maneno ya upendo na ahadi ya kuonana kesho. Lakini maneno yale yalikuwa ya kila jioni taa zilipozimwa. Kwa jaribio letu la meza na mlango, hayo yalikuwa "hodi" ya Alex. "Hakuna" yake ndiyo ilikuwa kitu kingine.

Anayetaka kumpima ndege wake nyumbani hahitaji maabara. Amfundishe majina mawili, tuseme ndizi na embe, kwa njia ya watu wawili. Ndege akiomba ndizi, apewe embe. Anayeelewa atakataa na kurudia ombi, asiyeelewa atakula. Jaribio lirudiwe mara nyingi, siku tofauti, na mtu ambaye hakumfundisha, naye asitazame tunda lolote kabla ya mwingine.

Ila kuna hesabu nyingine isiyohusu maneno. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na akikosa wenzake au shughuli huanza kujinyonyoa manyoya na kupiga mayowe. Wengi walinaswa msituni na kufia njiani kabla ya kufika kwa mnunuzi, hali iliyosababisha biashara ya kimataifa ya waliotoka porini kupigwa marufuku tangu Januari 2017. Hapa Kenya, kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ni kosa chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Sheria hiyo inamhusu pia yule mdogo wa kichwa cha kahawia. Kijana anayepanda mti huko Diani kutoa kinda pangoni akitarajia kuuza msemaji huvunja sheria na kuharibu kiota, na ndege atakayempata huenda asitamke hata "hodi".