Kwa nini bei ya hatifungani hushuka riba inapopanda

Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za Serikali za miaka 25, zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, 2022, hatifungani mpya za muda huohuo zilitolewa kwa riba ya asilimia 12.56. Aliyekuwa na ile ya kwanza hakupunguziwa hata senti moja, na karatasi yake ikawa na thamani kubwa kuliko siku aliyoinunua. Hapa tunaeleza sababu, na tunaonyesha pia jinsi mambo yanavyoweza kwenda kinyume.

Hatifungani ni mkopo. Wewe ndiye unayekopesha, na Serikali ndiyo inayokopa. Tanzania unaweza kuanza na shilingi milioni moja. Serikali inaahidi mambo mawili: kukulipa riba kila baada ya miezi sita, na kukurudishia milioni yako siku hatifungani inapoiva. Riba hiyo huitwa kuponi. Kwa asilimia 15.95, milioni moja inaleta shilingi 159,500 kwa mwaka, yaani 79,750 kila miezi sita. Kiasi hicho hakibadiliki mpaka mwisho, hata nchi nzima ikibadili riba.

Kwa kuwa kuponi haisogei, kitu pekee kinachoweza kusogea ni bei. Tuanze na mfano mdogo. Tuseme una hatifungani ya milioni moja yenye riba ya asilimia 10, imebakiza mwaka mmoja tu, na ili hesabu iwe nyepesi riba yake yote inalipwa mwishoni. Mwaka ukiisha, mwenye karatasi hiyo atapokea 1,100,000. Sasa unataka kuiuza leo, lakini hatifungani mpya za mwaka mmoja zinatoa asilimia 12. Mnunuzi mwenye milioni moja anajua akinunua mpya atapata 1,120,000. Hawezi kukupa milioni kwa karatasi itakayomlipa 1,100,000.

Atakupa kiasi gani basi? Atakupa kile ambacho, kikiongezewa asilimia 12, kinafika 1,100,000. Gawanya 1,100,000 kwa 1.12, utapata kama 982,143. Hiyo ndiyo bei. Ahadi ya Serikali haijaguswa. Bei imeshuka ili mnunuzi wa karatasi ya zamani apate sawa na yule wa karatasi mpya. Kama riba mpya ingekuwa asilimia 8, ungegawanya kwa 1.08 na bei ingekuwa karibu 1,018,519. Riba ya soko ikipanda bei inashuka, ikishuka bei inapanda, kwa sababu tunagawanya malipo yaleyale kwa namba kubwa zaidi au ndogo zaidi.

Hatifungani yenye malipo mengi inahesabiwa vivyo hivyo, ila kila malipo yanapunguzwa kivyake kulingana na umbali wake. Chukua ya miaka miwili yenye asilimia 10. Italipa 50,000 mara nne, na pamoja na ile ya nne utapata milioni yako. Soko likitaka asilimia 12 kwa mwaka, ni asilimia 6 kwa kila miezi sita. Malipo ya kwanza unayagawanya kwa 1.06 mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, na ya mwisho mara nne. Ukijumlisha vipande vyote vinne unapata kama 965,349.

Sasa mgeukie mnunuzi. Ametoa 965,349. Kuponi zake za 100,000 kwa mwaka ni kama asilimia 10.4 ya fedha alizotoa. Lakini siku ya kuiva atapokea milioni kamili, kwa hiyo ana faida nyingine ya karibu 34,651. Ukichanganya kuponi na faida hiyo ya mwisho, na kuzingatia kila fedha inaingia lini, unapata asilimia 12 kwa mwaka. Namba hiyo moja ndiyo huitwa mapato hadi kuiva. Ni riba halisi ya anayenunua kwa bei fulani leo na kukaa na karatasi hadi mwisho. Haina njia ya mkato ya kuikokotoa. Kompyuta hujaribu riba moja baada ya nyingine hadi ipatikane ile inayolingana na bei. Pia inachukulia kwamba kila kuponi unayopokea unaiwekeza tena kwa riba hiyohiyo. Ukiitumia kwa ada au mbolea, mfuko wako hautakua kwa kasi hiyo hadi mwisho.

Turudi kwenye ile ya asilimia 15.95. Tuseme imebakiza miaka 25 na mnunuzi anaridhika na asilimia 12.56. Ukihesabu malipo yote 50, bei inafika kama 1,257,000 kwa kila milioni moja. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Anayelipa bei hiyo akidhani anapata asilimia 15.95 amekosea mara mbili. Kwanza, 159,500 ni asilimia 12.7 hivi ya 1,257,000. Pili, siku ya kuiva Serikali itamrudishia milioni moja, si 1,257,000. Hiyo 257,000 ya juu inarudi kidogokidogo ndani ya kuponi zake. Kwa hiyo ukisikia mtu anakunadia karatasi kwa kutaja kuponi tu, muulize mapato hadi kuiva kwa bei anayotaka.

Muda nao una nguvu yake. Ile ya miaka miwili ilipoteza karibu 35,000 soko lilipotoka asilimia 10 hadi 12. Hatifungani ya miaka 25 yenye kuponi ileile ya asilimia 10, kwa mabadiliko yaleyale, ingeshuka hadi kama 842,000, hasara ya karibu 158,000. Aliyefungwa miaka 25 na riba ndogo anaumia muda mrefu zaidi, na mnunuzi anadai kufidiwa kwa miaka yote hiyo. Ndiyo maana hatifungani ndefu hupanda na kushuka kwa kishindo, na ile iliyokaribia kuiva haiwi mbali na milioni yake.

Kwa mtu asiyekusudia kuuza, mipanda na mishuko hii haigusi malipo yake. Tatizo huja pale ugonjwa au ada inapolazimisha kuuza wakati riba za soko ziko juu. Kuuza hufanyika kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na siku ambazo wanunuzi ni wachache, bei utakayopewa inaweza kuwa chini ya ile ya hesabu.

Kuna jambo moja linalochanganya wengi siku ya malipo. Bei hutajwa kwa kila shilingi 100, kwa hiyo 1,257,000 utaiona kama 125.70. Lakini mnunuzi hulipa zaidi ya hapo kama kuponi imeshaanza kujilimbikiza. Ukiuza katikati ya miezi sita, nusu ya ile 79,750, yaani 39,875, ni yako, na inaongezwa juu ya bei. Kuponi ijayo yote itaingia kwa mnunuzi.