Ratiba ya hatua za mwaka wa kwanza

Ratiba ya hatua za mwaka wa kwanza ni jedwali linaloambatishwa kwenye mkataba wa ufadhili. Kila mstari hutaja kazi, mtu mmoja anayeiwajibikia, tarehe, uthibitisho unaotakiwa na awamu ya fedha inayofunguliwa uthibitisho ukikubaliwa.

Chukua mfano wa mradi wa kisima kirefu kijijini nchini Tanzania. Awamu ya kwanza hutolewa mkataba ukisainiwa, nayo hulipia upimaji wa maji chini ya ardhi na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Mratibu akiwasilisha ripoti na kibali, awamu ya pili ya kuchimba hutoka. Fedha za pampu na matangi husubiri majibu ya maabara na kipimo cha wingi wa maji, vyote vikiwa dhamana ya mhandisi. Hapo ndipo ratiba inapookoa fedha: maji yakiwa ya chumvi, pampu haijanunuliwa bado.

Kosa baya zaidi ni kuifunga fedha ya kazi kwenye kukamilika kwa kazi hiyohiyo. Mchimbaji hudai malipo ya awali kabla ya kuleta mtambo, mfadhili naye anangoja kisima. Dalili yake huonekana mapema: akaunti ina salio dogo, ripoti ya upimaji imekamilika, na hakuna anayeweza kusaini hundi. Kazi ikisogea hadi masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo huzuia lori la mtambo, na awamu zote zinazofuata husogea nayo.