Likizo inapovuka mwisho wa mkataba: barua iandikwe vipi?

Mwaka 2026 ni mwaka wa imbalu. Jando hilo la Wamasaba hufanyika kila mwaka wa shufwa, na kwa desturi msimu wake hufunguliwa Mbale mwezi Agosti. Wanaofanya kazi mbali na nyumbani, wakiwemo walioko Jinja, huomba likizo wakati huo ili wawe karibu na wadogo zao. Kwa aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda maalumu, ombi hilo huweza kugongana na tarehe ya mwisho ya mkataba wenyewe.

Chukulia karani wa ghala mjini Jinja, ambaye kwao ni Mbale. Mkataba wake ulianza tarehe 1 Septemba 2025 na unamalizika tarehe 31 Agosti 2026. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi 4 ya utumishi mfululizo. Kwa miezi 12, karani huyo amejikusanyia siku 21, na hajachukua hata moja. Mkataba wake unasema kwamba siku za likizo huhesabiwa kwa siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Karani anaandika kuwa anaomba siku 21 kuanzia Jumatatu tarehe 17 Agosti, na kwamba atarejea kazini Alhamisi tarehe 10 Septemba. Hesabu yake ni sahihi, ila barua ina kasoro. Kuanzia tarehe 17 hadi 31 Agosti kuna siku 13 tu za kazi. Siku 8 zilizobaki zinaangukia Septemba, wakati ambapo hana tena mkataba unaoweza kuzibeba. Mwajiri akitia saini bila kutazama tarehe, kila upande utaondoka na maana yake: karani ataamini kuwa ameongezewa muda, ilhali mhasibu atasimamisha mshahara tarehe 31 Agosti. Saini iliyo chini ya ombi la likizo si msingi madhubuti wa kudai mkataba mpya.

Njia nyepesi, ikiwa kazi inaruhusu, ni kuanza mapema. Likizo ikianza Ijumaa tarehe 7 Agosti, siku zote 21 zinakwisha tarehe 31 Agosti, siku ileile ya mwisho wa mkataba. Lakini sheria inataka wakati wa likizo ukubaliwe na pande zote mbili, hivyo mwajiri anaweza kusema kuwa Agosti mapema ghala lina shughuli nyingi.

Hapo barua igawanywe sehemu mbili, na tarehe ya mwisho wa mkataba itajwe waziwazi:

“Mkataba wangu unamalizika tarehe 31 Agosti 2026. Naomba likizo ya siku 13 za kazi, kuanzia tarehe 17 Agosti hadi tarehe 31 Agosti 2026. Siku 8 zitakazosalia naomba zilipwe pamoja na stahiki zangu mkataba utakapokwisha. Iwapo mkataba utahuishwa kabla ya tarehe hiyo, naomba siku hizo 8 zichukuliwe kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 9 Septemba 2026.”

Maneno “mkataba utakapokwisha” yana kazi yake. Makubaliano ya kuacha likizo ya kisheria ili kupokea fedha badala yake ni batili, kwa hiyo “naomba mninunulie likizo yangu” ni sentensi ya kuepukwa. Ajira inapokwisha, hata hivyo, sheria inampa mfanyakazi haki ya likizo au fidia kwa sehemu ya utumishi ambayo hakuipatia likizo. Vilevile asiandike “naacha kazi”. Muda kumalizika ni jambo moja, kujiuzulu ni jingine, na barua ya likizo isije ikageuzwa ushahidi wa hilo la pili.

Kuhusu kuhuishwa, sheria hutazama juma moja baada ya tarehe ya mwisho. Mkataba usipohuishwa ndani ya juma hilo kwa masharti yaleyale, au yasiyo duni kwa mfanyakazi, ajira huhesabiwa kuwa imekoma. Kwa karani huyu juma hilo litapita akiwa bado kijijini, kabla ya tarehe 10 Septemba aliyotaka kurejea. Ndiyo sababu swali la mkataba mpya liulizwe kwa barua ya pekee, mapema Agosti, wala lisifichwe ndani ya ombi la likizo.

Barua nyingi za kazi katika miji hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Tarehe na mgawanyo wa siku vibaki vilevile. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe, kwani malipo ya siku 8 yakikosekana, ndiyo ambayo ofisa kazi wa wilaya atataka kuiona kwanza, pamoja na mkataba.