Kuhifadhi nyanya chupani: Mkazi wa Nyahururu achemshe kwa muda mrefu kuliko wa Mombasa

NYANYA zinapojaa sokoni na bei ya kreti kuporomoka, baadhi ya familia huzipondaponda na kuzitia katika chupa za kioo ili zitumike miezi ya uhaba. Kazi hii haihitaji mtambo wowote ila sufuria ndefu yenye maji yanayotokota. Hata hivyo, maelezo mengi yanayopitishwa kutoka jikoni hadi jikoni huacha mambo mawili: uchachu wa nyanya zenyewe na mwinuko wa mahali anapoishi mpishi.

Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi huko Mombasa, lakini Nyahururu, mji ulio karibu mita 2,360 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa na nyuzi 92 hivi. Kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yatatokota kwa fujo zaidi bila joto kupanda. Njia ya pekee ni kurefusha muda.

Kulingana na vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambavyo hutumiwa sana katika kazi hii, nyanya zilizopondwa katika chupa ya nusu lita huchemshwa kwa dakika 35 katika maeneo yasiyozidi mita 305. Kati ya hapo na mita 914 ni dakika 40, na hadi mita 1,829 ni dakika 45. Juu ya hapo ni dakika 50. Chupa ya lita moja huongezewa dakika 10 katika kila daraja. Hivyo, mkazi wa Nyahururu anayefuata maelezo ya jamaa yake wa Pwani atakuwa amepunguza dakika 15.

Chukua mfano wa nyumba ya Nyahururu yenye kilo tano za nyanya, ambazo hutoa takriban chupa saba za nusu lita. Zichaguliwe nyanya ngumu zilizoiva, wala zisitoke katika mmea uliokufa au kuunguzwa na baridi, kwa kuwa uchachu wake huwa umepungua.

Kabla ya yote, chupa zikaguliwe. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa mdomo. Palipomeguka, hata kidogo, hapatashika kifuniko. Kisha inua chupa kwenye mwanga utafute ufa. Vifuniko viwe vipya, kwani mpira wa kifuniko uliokwisha kubanwa mara moja hautegemeki. Chupa zioshwe na kuwekwa katika maji moto, maana kioo baridi hupasuka kikimiminiwa kitu cha moto.

Nyanya hutumbukizwa katika maji yanayochemka hadi ngozi ipasuke, kisha katika maji baridi, na kumenywa. Sehemu ndogo hupondwa ikichemka, zilizosalia huongezwa kidogo kidogo, na zote huchemka kwa dakika tano.

Katika kila chupa ya nusu lita hutiwa kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau yaliyotengenezwa kiwandani, au robo ya kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Limau la shambani halifai hapa kwa kuwa ukali wake hubadilika. Nyanya nyingine hazina uchachu wa kutosha kuzuia bakteria ya Klostridiamu botulinamu, ambayo mbegu zake hazifi katika maji yanayochemka. Kwa sababu hiyo pia, vitunguu, pilipili hoho na mafuta visubiri siku ya kupika.

Chupa hujazwa hadi ibaki nafasi ya sentimita moja na nusu hivi, ukingo hupanguswa, na kifuniko hukazwa kwa vidole tu. Hupangwa juu ya waya ndani ya sufuria, maji yakizifunika kwa sentimita mbili na nusu au zaidi. Saa huanza kuhesabiwa maji yanapotokota kikamilifu. Yakitulia katikati, dakika 50 huanza upya.

Baada ya kutolewa, chupa huachwa bila kuguswa kwa saa 12 hadi 24. Kisha kifuniko hubonyezwa katikati: kikiruka chini na kurudi juu, chupa haikufunga. Iliyofunga huwa na kifuniko kilichobonyea, nacho kikigongwa kwa kijiko hulia kama kengele. Ambayo haikufunga huwekwa katika friji na kuliwa katika siku chache, au huchemshwa upya kwa muda kamili kabla ya saa 24, kwa kifuniko kipya.

Zilizofunga zihifadhiwe mahali penye giza na ubaridi, na zitumike katika mwaka mmoja. Chupa iliyofura kifuniko, inayovuja au inayorusha povu ikifunguliwa itupwe bila kuonjwa. Sumu ya botulinamu inaweza kuwamo hata pasipo harufu wala ladha mbaya.